Namna ya Kumwamkia Mzee kwa Tarakimu: sh52a066

Mwongozo huu unaanza kwa kuharibu. Tafuta laptopu ndogo, ile isiyo na safu ya namba pembeni kulia, hasa ya miaka ya nyuma kidogo. Itazame kibodi yake kwa karibu. Kwenye vitufe vya U, I na O utaona 4, 5 na 6 zimechapwa kwa herufi ndogo pembeni, mara nyingi kwa rangi ya buluu au kijivu. Chini yake, J, K na L zimebeba 1, 2 na 3, na M imebeba 0. Sasa shikilia Fn, bonyeza kitufe kilichoandikwa NumLk, Num Lock au Nm Lk, kisha andika "shikamoo".

Imetoka sh52a066? Hongera, umefaulu hatua ya kwanza. Andika na "karibu", upate 2ar5b4. Kisha andika "asante". Itatoka asante, safi kabisa, haina hata doa.

Naomba ufanye hivyo makusudi, nyumbani, ukiwa umetulia, kwa sababu siku hali hii itakapokujia yenyewe hutakuwa umetulia. Utakuwa na barua ya kupeleka kabla ya saa sita, na mtu nyuma yako atakuwa anasema ni kirusi, mwingine anasema kibodi imekufa, na wa tatu ana namba ya fundi.

Hiyo "asante" iliyotoka salama ndiyo kipimo chako. Vitufe vinavyogeuka ni vya mkono wa kulia tu: U, I, O, P, J, K, L, M, pamoja na alama chache za jirani. Herufi nyingine zote hazijaguswa. Kibodi iliyomwagiwa chai haichagui hivyo. Itakosa herufi hapa na pale, itaandika mbili kwa mpigo, au kitufe kitakwama na kujirudia. Lugha ya kibodi ikibadilishwa kimakosa, alama kama @ na nukta mbili ndizo huhama kwanza, na K haiwi 2. Kwa hiyo ukiona herufi za kulia zinatoa tarakimu, tena tarakimu zilezile kila mara, na za kushoto ni nzima, usimpigie fundi bado. Na kama ni K peke yake inayosumbua huku U na J zikiandika vizuri, hapo mpigie, maana hilo si suala la NumLk.

Waliobuni mpango huu hawakuwa na nia mbaya. Kibodi ya mezani ina vitufe 17 vya ziada upande wa kulia, na mhasibu anavipenda kwa sababu anaingiza tarakimu kwa mkono mmoja bila kutazama. Laptopu ndogo haina nafasi hiyo. Lakini kwenye mstari wa juu wa kibodi yoyote, 7, 8 na 9 tayari zimekaa pamoja kwa mpangilio uleule wa kikokotoo. Chini yake kuna U, I, O, chini tena J, K, L, kisha M. Ilibaki kuzipa safu hizo kazi ya pili, na kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima kazi hiyo. Ndiyo maana 7, 8 na 9 hazibadiliki kamwe: tayari zipo mahali pake. Sifuri ya juu, kwenye laptopu nyingi za aina hii, hugeuka kuwa nyota ya kuzidisha, na P huwa alama ya kutoa. Kwa mwandishi wa Kiswahili hasara ni kubwa, kwani irabu tatu kati ya tano zinaondoka kwa mpigo mmoja.

Mahali inapouma zaidi ni kwenye neno la siri. Chukua duka la steshenari ambalo mwenyewe ameunganisha kibodi kubwa ya USB kwenye laptopu ili aingize bei haraka. Mchana kutwa Num Lock imewaka kwenye kibodi kubwa, na kazi inaenda. Jioni anachomoa kibodi na kwenda na laptopu nyumbani. Neno lake la siri ni upole20. Anaandika, inakataa. Anaandika polepole, inakataa. Kinachoingia ni 4-63e2*, lakini skrini inamwonyesha vidoti saba, na saba ndivyo alivyotarajia. Anaamini kuna mtu kabadilisha neno la siri. Akiendelea kujaribu, kompyuta inaweza kuifunga akaunti kwa muda, na hapo ndipo hofu inapokuwa kubwa.

Kumbe hakugusa kitu chochote kwenye laptopu. Windows hutunza hali moja ya Num Lock kwa kibodi zote zilizounganishwa, na kuzitumia zote amri ya kuwasha taa ndogo. Kwenye laptopu nyingi zenye herufi za kazi mbili, chipu inayosimamia kibodi ya ndani huipokea amri hiyo na kugeuza herufi kuwa tarakimu. Kibodi kubwa imeondoka, amri imebaki.

Akiwa hapo kwenye kuingia, abonyeze alama ya jicho pembeni ya kisanduku cha neno la siri, kama ipo. Itamwonyesha kilichoandikwa, na akiona 4-63e2* atajua hakuna mwizi. Kisha ashikilie Fn na kubonyeza NumLk. Asipoona NumLk popote, akague mstari wa F1 hadi F12 na vitufe vya Scroll Lock na Insert, maana watengenezaji wengi huificha huko, tena kwa rangi ileile ya Fn. Kwenye baadhi ya laptopu, kuendelea kushikilia Fn huku ukiandika huzirudisha herufi kwa muda, na hiyo inatosha kumwingiza ndani.

Kitufe kisipopatikana kabisa, atumie kibodi ya kwenye skrini. Na hapa kuna mtego ambao miongozo mingi hausemi. Njia ya mkato ya kuifungua ni Windows, Ctrl na O pamoja. Lakini O yake sasa ni 6. Kuitafuta kwa kuandika osk hakusaidii pia, kwa sababu itaingia 6s2. Aende kwa kipanya: kwenye ukurasa wa kuingia, abofye alama ya Accessibility chini kulia (kwenye Windows 10 inaitwa Ease of Access), kisha On-Screen Keyboard. Ikifunguka, kitufe cha NumLock hakionekani. Lazima abofye Options, atie alama kwenye Turn on numeric key pad, na kubofya OK. Hapo safu ya namba inajitokeza, na NumLock ikiwa na rangi ya kuwaka anaibofya mara moja izime.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuirudisha ileile kibodi ya USB, kubonyeza Num Lock mpaka taa yake izime, kisha kuichomoa. Mwenye duka akifanya hivyo kila jioni kabla ya kufunga, laptopu haitamkatalia usiku. Kama herufi zinageuka kila anapowasha mashine hata bila kibodi ya nje, aingie kwenye mipangilio ya BIOS na kutafuta mstari wenye neno NumLock, auweke Off. Laptopu nyingi za sasa hazina tena tarakimu kwenye U, I na O, na kwa hizo tatizo hili halipo. Lakini za mitumba zilizojaa kwenye maduka yetu bado zinazo, na ukinunua moja, kitafute kitufe cha NumLk kabla hujalipa, umwombe muuzaji akuonyeshe kinavyowashwa na kuzimwa.