Karatasi ya Karanga

Mama mdogo ana duka Marangu Mtoni, na alikuwa ameshaamua kwamba kijana anayemuuzia ni mwizi. Kilichobaki ni ushahidi tu. Akaenda steshenari, akachapisha taarifa ya miamala ya laini ya duka, kisha akaniita mimi niliyesoma uhasibu.

"Mwanangu, hawa wa mtandao nao wananikata mara mbili," alianza. Kweli, kila alipotoa pesa kwa wakala, namba ile ile ya muamala ilijirudia. Nikamwambia aache kuhesabu mistari, afuate salio. Lilikuwa 412,000. Akatoa 100,000, likawa 312,000. Makato 3,500, likawa 308,500. Tozo ya serikali, ile iliyoanza Julai 2021, shilingi 500, likabaki 308,000. Wangemkata mara mbili, salio nalo lingeshuka mara mbili. Akakubali shingo upande.

Taarifa hiyo ilitanguliza muamala wa mwisho, kwa hiyo ilitubidi tuanzie chini tupande, jambo ambalo mtu wa Marangu hafundishwi. Kila mstari ukaoana na uliotangulia, mpaka tulipovuka karatasi. Salio la juu kabisa la karatasi moja lilikuwa 206,500. Mstari wa chini wa karatasi iliyofuata ulisema: umepokea 20,000, salio 143,000. Yaani kabla ya kupokea palikuwa na 123,000. Shilingi 83,500 ziliyeyukia kati ya karatasi mbili.

"Si nilikwambia!" Kijana akaacha kupima sukari.

Lakini salio haliruki lenyewe. Likiruka, kuna mstari ambao hujauona. Nikarudi kwenye muhtasari wa mwanzo: salio la kuanzia, jumlisha zilizoingia, toa zilizotoka, unapata salio la mwisho bila kupungua hata senti. Nilipojumlisha mistari tuliyokuwa nayo mkononi, hesabu ikapwaya kwa 83,500 zile zile. Pesa zilikuwa zimeandikwa. Karatasi ndiyo haikuwepo. Namba za kurasa zisingetusaidia, printa ya steshenari ilizikata zote.

Tuliikuta juu ya ndoo ya karanga, imeshakunjwa pakiti, ina chumvi. Wateja walikuwa wamelipa jumla ya 39,000 kwa vipande vipande. Zilizotoka ni mara moja tu: 120,000 na makato 2,500, kwenda bucha moja ya Mwika, Jumamosi, saa nne usiku. 122,500 ukitoa 39,000, unabaki na 83,500.

Taarifa haisemi nani alibonyeza. Ila namba ya siri inajulikana na watu wawili, na Jumamosi hiyo mama mdogo alikuwa kwenye mkesha. Baba mdogo akakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajapata majani.

"Na hii 2,500?" mama mdogo akamwita kabla hajaufikia mlango.

"Makato, mama."

"Umekula nyama yangu, na makato nikulipie mimi?"