Ukitaka Jina la Duka Lizeeke Kabla Yako

Chukua neno ambalo vijana wa kijiweni wameanza kulitumia mwezi huu. Liwe la kusifia, maana hayo ndiyo huchuja upesi. Lichore juu ya mlango kwa rangi nyekundu, ulisajili BRELA, ulichongeshee mhuri. Kazi imekwisha, kilichobaki ni kungoja.

Nasema kwa uchungu. Dada mmoja wa mtaani kwetu Dar es Salaam, mpishi hodari, aliuita mgahawa wake Msosi Noma. Vijana walimwelewa mara moja: chakula kikali. Lakini anayeagiza sahani mia kwa mpigo si kijana wa kijiweni. Ni kamati ya msiba au ya kipaimara, na mshika fedha wake huwa mtu mzima. Kwa huyo noma ni balaa, au ni aibu, kama mtu asemavyo "naona noma". Mzee mmoja alipokabidhiwa risiti aliisoma mara mbili, akauliza, "Mwanangu, chakula hiki kina tatizo gani?"

Kubadili nako ni safari. Kuna usajili, leseni ya halmashauri, mhuri, vitabu vya risiti, na lile jina linalotokea kwenye simu mteja anapolipa kwa Lipa Namba.

Kosa jingine ni kutundika bei mlangoni. Ukikiita kibanda Chipsi Buku, umeshaahidi sahani ya shilingi 1,000. Viazi na mafuta vikipanda, mteja hatabishana nawe. Atanyoosha kidole kwenye bango.

Utaniuliza, mbona daladala halijafa, nalo limetokana na dala, yaani shilingi 5 za nauli ya miaka ya 1980? Ni kweli, ila lilitaja kitu kipya kilichokuwa kinatafuta jina, likawa la magari yote ya aina ile, si la gari la mtu mmoja. Mama ntilie vivyo hivyo. Neno linalotaja kitu hukaa na kitu chake. Linalosifu tu huondoka na rika lake: mtu akisema "bomba" au "babkubwa" leo, unakisia alimaliza shule lini.

Kwa hiyo, kabla ya kusajili, mpigie simu shangazi yako. Mtamkie jina mara moja, umwombe alirudie, kisha akwambie anadhani duka linauza nini. Akibabaika, tafuta jingine. Neno la vijana usilitupe. Lichore ukutani, chini ya jina, kwa sababu ukuta hupakwa rangi upya kwa siku moja na hauhitaji kibali cha msajili.

Dada yetu sasa anatumia jina la mwanawe wa kwanza, likifuatwa na neno Mapishi. Msosi Noma imebaki ukutani karibu na jiko, vijana wanapigia picha hapo, na oda za kamati zimeanza kurudi.