Namna ya Kuushinda Wastani Bila Kujua Bei ya Kesho

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasiojua. Kama unajua bei ya hisa itakuwa ngapi mwezi ujao, funga ukurasa huu uende kununua, maana huna cha kujifunza hapa. Sisi wengine tubaki. Tuna mshahara au mauzo yanayoingia mwisho wa mwezi, tuna kiasi kidogo tunachoweza kutenga, na tuna mjomba mmoja katika kila ukoo anayesema kila mara kwamba bei itashuka zaidi, subirini. Mjomba huyo amekuwa akisubiri tangu hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Mwaka 2021 zikapita 40, mwaka 2023 zikawa chini ya 15, naye bado anasubiri.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kiasi cha fedha na kukataa kukibadilisha. Ni fedha unazozipanga, wala si idadi ya hisa, na hapo ndipo siri yote ilipo. Mwenye bodaboda anaijua siri hii kila siku kituoni. Akisema "nitilie lita mbili", bei ikipanda analipa zaidi, ikishuka analipa pungufu, lakini lita ni zilezile. Akisema "nitilie ya elfu tano", bei ikipanda tangi linapata kidogo, ikishuka linapata zaidi, na mfuko haujui tofauti. Wewe nunua hisa kwa namna hiyo ya pili.

Tuchukue hesabu, na bei nitakazotaja ni za mfano tu. Umetenga shilingi 60,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza hisa moja ni shilingi 600, unapata hisa 100. Mwezi wa pili bei imeanguka hadi 300, mjomba amepiga simu mara tatu, lakini wewe umenunua vilevile na umepata hisa 200. Sasa uliza swali moja: bei ya wastani katika miezi hiyo miwili ilikuwa ngapi? Jumlisha 600 na 300, gawanya kwa mbili, unapata 450. Kisha uliza swali la pili, ambalo watu wengi hudhani ni lilelile: wewe umelipa shilingi ngapi kwa kila hisa? Umetoa 120,000, una hisa 300. Kila moja imekugharimu shilingi 400.

Hukutabiri chochote, hukuchagua siku nzuri, nusu ya fedha zako ziliingia bei ikiwa juu kabisa, na bado uko shilingi 50 chini ya wastani. Hakuna ujanja uliofichwa. Wastani wa bei unaupa kila mwezi kura moja: mwezi wa 600 una kura moja, na wa 300 una kura moja. Gharama yako haipigiwi kura na miezi, inapigiwa na hisa, na hisa za bei rahisi ni 200 wakati za bei ghali ni 100. Fedha zilezile zimebeba hisa nyingi zaidi pale bei ilipokuwa chini, kwa hiyo bei ya chini ina wapiga kura wengi. Matokeo lazima yaegemee huko.

Neno "lazima" nimelitumia kwa makusudi. Hili halitegemei bahati, nchi, wala aina ya kampuni. Kwa bei mbili zozote, chukua tofauti kati yake, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya jumla ya bei hizo: jibu ni kiasi ambacho gharama yako iko chini ya wastani. Kwa mfano wetu tofauti ni 300, ikizidishwa kwa yenyewe ni 90,000. Jumla ya bei ni 900, mara mbili yake ni 1,800. Gawanya, unapata 50, zile shilingi 50 tulizoziona. Namba ikizidishwa kwa yenyewe haiwezi kuwa hasi, na ndiyo sababu gharama yako haiwezi kamwe kuwa juu ya wastani. Zinaweza kulingana katika hali moja tu, bei ikiwa haikutikisika hata kidogo. Kwa hiyo anayeweka fedha kwenye mfuko ambao kipande kimoja kinabaki shilingi ileile daima asitafute faida hii humo. Ana faida nyingine, hii hana.

Kanuni hiyo inatuambia jambo la pili ambalo mimi naliona ni tamu zaidi. Kama bei zingekuwa 500 na 400, wastani ungebaki 450, lakini gharama yako ingekuwa takriban 444, pungufu ya shilingi 5 na senti 56 tu. Bei zilipotofautiana mara tatu zaidi, kutoka 100 hadi 300, nafuu yako iliongezeka mara tisa. Soko linaloyumba, lile linalowakosesha watu usingizi, ndilo linalokupa nafuu kubwa kuliko wastani wake.

Hatua ya pili, kwa hiyo, ni kutoruka mwezi. Najua inavyosikika rahisi. Ongeza miezi miwili katika mfano wetu, ili bei ziwe 600, 400, 300 na 500. Kwa shilingi 60,000 kila mwezi unapata hisa 100, 150, 200 na 120, jumla 570 kwa shilingi 240,000. Gharama ya hisa moja ni kama shilingi 421, wastani wa bei ni 450. Sasa mchukue jirani yako mwenye mpango uleule, ila mwezi wa 300 aliogopa, akasema atulie kwanza mambo yaeleweke. Ametoa 180,000 na ana hisa 370. Gharama yake ni zaidi ya 486, juu ya ule wastani wa miezi minne. Mwezi mmoja tu umempokonya nafuu yote, kwa sababu ulikuwa ule wenye wapiga kura 200. Mpango huu hauharibiwi na kununua bei ikiwa juu, unaharibiwa na kutonunua bei ikiwa chini. Dalili ya kuharibika iko kwenye taarifa yako ya hisa: tafuta miezi ambayo haina manunuzi, halafu angalia bei ilikuwa ngapi wakati huo.

Mharibifu mwingine ni ada. Tuseme dalali anatoza kiwango cha chini cha shilingi 1,000 kwa kila ununuzi. Kwa mwenye 60,000, jumla ya gharama inakuwa 244,000 kwa hisa 570, yaani takriban 428 kwa hisa. Bado yuko vizuri. Lakini mwenye kununua kwa 20,000 kwa bei zilezile ana hisa 190 na ametoa 84,000. Gharama yake ni 442, amebakiwa na nafuu ya shilingi 8 kati ya 29. Ada ikiwa 2,000, gharama inapita 463 na wastani umemshinda. Mtu wa kipato hicho afanye mojawapo kati ya mawili: akusanye na kununua kila baada ya miezi mitatu, au anunue vipande vya mifuko ya pamoja, kama ile ya UTT AMIS nchini Tanzania, ambako fedha hugawanywa kwa thamani ya kipande cha siku hiyo. Kwenye hisa, bei ikiwa 610, shilingi 60,000 zinanunua hisa 98 na inabaki chenji ya 220. Ipeleke mwezi ujao, usiihesabu kuwa imepotea.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu kuisema kwa anayeuza mpango huu, lakini lazima isemwe: usichanganye kuushinda wastani na kupata faida. Rudia bei zile nne kwa mpangilio mwingine. Zikipanda 300, 400, 500, 600, una hisa 570 zenye thamani ya 342,000, umepata. Zikishuka 600, 500, 400, 300, una hisa zilezile 570, kwa gharama ileile ya 421, lakini thamani yake ni 171,000, na umepoteza 69,000. Mpangilio wa bei haubadilishi gharama hata senti moja, unabadilisha utajiri wako. Anayekwambia kwamba umefanikiwa kwa sababu uko chini ya wastani amekuonyesha namba sahihi ya swali ambalo hukuuliza. Tena wastani wenyewe hauuzwi sokoni, hakuna mtu anayekuuzia kwa 450.

Jambo hili lina ukali zaidi kwa mwenye fedha nyingi mkononi tayari, labda za kiinua mgongo au za kiwanja alichouza. Bei zikiwa zinapanda kama hapo juu, aliyeweka 240,000 zote mwezi wa kwanza ana hisa 800, siyo 570. Benjamin Graham, katika kitabu chake cha mwaka 1949, aliupendekeza ununuzi wa kiasi kilekile kila kipindi kwa mwekezaji wa kawaida. Mwaka 1979 mchumi George Constantinides akaonyesha kwamba kwa mwenye fedha zote tayari, kuzigawa kwa mafungu si sera bora kinadharia. Sioni ugomvi kati yao. Mfanyakazi anayepokea mshahara hana cha kugawa, anawekeza fedha zinapoingia, basi. Mwenye fungu zima anapoligawa ananunua utulivu wa moyo, na bei ya utulivu huo ni miezi ambayo fedha zake zinakaa nje ya soko. Anaweza kuona inafaa, ila ajue analipia.

Mwisho wa mwaka fanya hesabu moja. Toa taarifa yako, jumlisha fedha zote ulizotoa pamoja na ada, gawanya kwa hisa zote ulizonunua. Kando yake andika wastani wa bei za zile siku kumi na mbili ulizopanga kununua, pamoja na ile uliyoiruka kama ipo. Namba ya kwanza ikiwa kubwa kuliko ya pili, hesabu ya mpango haina kosa: ama ada imekula sana, ama kuna mwezi uliogopa. Rekebisha hicho, na Januari uendelee na kiasi kilekile.