Jozi ya Nne

Jozi ya nne ni karata za kinafiki. Mwanzoni mwa mashindano ya poka hukubembeleza uingie kwa bei nafuu. Usiku ukikomaa hukudai kila ulicho nacho mezani.

Juzi, katika ukumbi mmoja hapa Nairobi, kila mtu alianza na chipu 20,000, blaindi zikiwa 100 na 200. Ukiwa na blaindi kubwa 100 mbele yako, unakaa kama mwenye nyumba ya kupangisha. Nikapata nne mbili. Jirani akapandisha hadi 500, nikafuata bila wasiwasi. Nne ya tatu hutokea kwenye karata tatu za kwanza za mezani takriban mara moja katika nane au tisa. Ikikosekana, unakunja na kupoteza 500 tu. Ikija, mwenye jozi kubwa anaweza kukulipa maelfu. Haikuja. Nikaagiza chai.

Kufikia saa nne usiku blaindi zilikuwa 1,000 na 2,000, tena mwenye blaindi kubwa alilipa anti ya 2,000. Mimi nilikuwa na 16,000, yaani blaindi kubwa nane, na kila mzunguko wa meza uling'ata 5,000.

"Subiri ree mbili," mzee mmoja ng'ambo ya meza alikuwa akihubiri. Ree mbili hugawiwa mara moja katika 221. Meza yetu ya watu tisa ingenipa kama karata za mara 27 kabla sijamalizika, kwa hiyo ushauri wake ulihitaji kwanza dua.

Nikiwa kwenye kiti cha mgawaji, wote walionitangulia wakakunja, nami nikafunua pembe: nne mbili tena! Kufuata tu hakukuwa na maana, kwa sababu hakuna tena maelfu ya kuvua nne ya tatu ikija. Kupandisha kidogo kisha kukimbia ni kutupa robo ya mali. Basi ni kusukuma zote au kukunja.

Katikati palikuwa na 5,000. Tuseme nikifuatwa na blaindi kubwa nashinda mara moja tu katika tatu: kwa wastani nitapoteza kama 4,300. Hata hivyo, wawili waliobaki wakikunja pamoja karibu nusu ya mara, nimerudisha gharama. Hesabu hiyo huharibika ukimsukumia tajiri asiyeogopa, au fukara ambaye tayari hana pa kurudi.

Nikasukuma. Blaindi ndogo akakunja. Blaindi kubwa, mama aliyekuwa na sambusa mkononi, akafuta vidole kwanza, kidole kimoja kimoja, ndipo akafuata na ree na nane. Nilikuwa mbele hadi karata ya mwisho, iliyokuwa ree ya mavi ya mbuzi.

"Mimi ningesubiri," mzee akaniambia nikisimama. Mbele yake zilikuwa zimebaki 1,500, na blaindi kubwa iliyofuata ilikuwa yake.