Sifa za Ujumbe wa "Zimebaki Siku"

Miongoni mwa vitu vilivyoingia katika maisha ya Watanzania kupitia simu ya mkononi, hakuna kinachosengenywa zaidi, wala kinachostahili sifa zaidi, kuliko ujumbe ambao katibu wa kamati ya harusi huutuma kila alfajiri katika kundi la WhatsApp, ukianza kwa maneno `*ZIMEBAKI SIKU 60*`, ambayo huzungushiwa vinyota ili yatokee kwa herufi nzito, kisha zikafuata salamu, neno la baraka na kazi ndogo ya siku hiyo. Kamati ya harusi ni chombo cha muda chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kinachoundwa na ndugu, marafiki na majirani ili kuchangisha fedha na kugawana shughuli, na ambacho huzaliwa katika kikao cha kwanza na kufa katika kikao maalumu kinachoitwa cha kuvunja kamati. Kati ya kuzaliwa huko na kufa huko, mjumbe huamshwa saa 11 na nusu alfajiri na mlio wa simu, akidhani pengine kuna msiba, akakuta ni tarakimu iliyopungua kwa moja.

Huduma ya kwanza ya ujumbe huu ni kwa lugha yenyewe. Kiswahili kilijitosheleza kwa kuzipa majina siku nne tu zijazo, yaani kesho, kesho kutwa, mtondo ambayo ni siku ya tatu baada ya leo, na mtondogoo ambayo ni ya nne, na mbele ya hapo msemaji aliachwa ajitegemee kwa miandamo ya mwezi na misimu ya mvua. Katibu ndiye aliyeliziba pengo hilo, japokuwa hakuweza kumaliza ubishi wa kale kuhusu namna ya kuhesabu, kwa maana harusi inapokuwa Jumamosi na leo ni Jumatano, mjumbe anayeihesabu leo kuwa ya kwanza hupata siku nne, anayeanza Alhamisi hupata tatu, na asiyeitia siku ya harusi yenyewe kwenye hesabu hupata mbili, na wote watatu wako sahihi mbele ya nafsi zao. Tofauti hiyo hudhihirika pale katibu anaposafiri na kumwachia msaidizi wake kazi, ndipo namba 17 hutokea asubuhi mbili mfululizo, na wajumbe, ambao kwa wiki sita hawakuwa wamejibu lolote zaidi ya asante, huamka wote kwa pamoja kusahihisha.

Sifa iliyo kuu zaidi ni ya adabu. Ahadi, kwa istilahi ya kamati, ni kiasi cha fedha ambacho mtu ametamka mbele ya wenzake au kuandika kwenye kadi ya mchango kwamba atatoa, nayo haina mkataba, haina riba, na aghalabu haina tarehe zaidi ya ile ya harusi. Kumdai mtu ahadi ana kwa ana ni aibu kwa mdai kuliko kwa mdaiwa, hasa mdaiwa anapokuwa shemeji au bosi, na hapo ndipo namba ya asubuhi inapofanya kazi ambayo mdomo hauwezi: inadai bila kumtaja mtu, inamkumbusha aliyesahau na aliyejisahaulisha kwa sauti ileile, na kama mdaiwa akikasirika, hana wa kumkasirikia isipokuwa kalenda. Ujumbe usemao kwamba siku zimebaki 20 humaanisha, kwa kila anayejijua, kwamba shilingi 100,000 alizozitamka akiwa ameshika soda ya bure bado hazijafika kwa mweka hazina.

Kazi ndogo inayoambatana na namba ndiyo inayoutofautisha ujumbe huu na saa ya ukutani. Katibu mchanga huandika "tukamilishe ahadi zetu", maneno ambayo kila mjumbe huyasoma kuwa yanamhusu mwingine, ilhali katibu aliyekomaa huandika kazi inayoweza kumalizwa kabla ya chai: kupunguza ahadi, yaani kulipa sehemu yake, kwa kutuma fedha pamoja na ya kutolea, ambayo ni ile ada anayokatwa mpokeaji anapochukua fedha kwa wakala, kisha kuandika kwenye kundi jina la mwenye ahadi na si la mwenye laini. Sharti hili la mwisho linaonekana dogo, lakini tangu kutuma fedha kwa simu kulipoenea, M-Pesa ikiwa imeanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mweka hazina hupokea fedha kutoka kwenye laini ya mke, ya mdogo wake mtu au ya wakala wa mtaani, na asipoambiwa fedha hizo ni za nani, mtu aliyelipa huendelea kudaiwa na asiyelipa huendelea kunyamaza kwa heshima.

Namba nyingine zina uzito usioonekana kwa macho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa ya kusudio lao angalau siku 21 kabla ya ndoa, na kwa ndoa ya bomani, yaani ile inayofungwa kwa msajili wa serikali, hesabu hii ina mtego, kwa sababu siku ya 21 kabla ya Jumamosi ni Jumamosi pia, na ofisi za serikali hazifunguliwi siku hiyo. Katibu mjuzi huipeleka kazi hiyo kwenye ujumbe wa siku 24, unaoangukia Jumatano, ili maharusi wakiambiwa warudi na picha au cheti kilichosahaulika wawe bado na Alhamisi na Ijumaa.

Ili uwezo wa ujumbe huu uonekane kwa karibu, ichukuliwe harusi ya kubuni itakayofanyika Dar es Salaam Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 2026, ambayo kamati yake imegawa kadi za mwaliko 180 na kumwagiza mpishi sahani 180 kwa shilingi 20,000 kila moja. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 3 Desemba, chini ya namba 9, katibu anaweka kazi ambayo kila mtu anaiona ya kipuuzi: kila aliyegawa kadi aandike ametoa singo ngapi na dabo ngapi, singo ikiwa kadi ya mtu mmoja na dabo ya watu wawili. Mpaka jioni majibu yanaonyesha kwamba singo ni 60 na dabo ni 120, maana yake wageni si 180 bali ni 300, na kwamba kwa miezi miwili kamati nzima, akiwemo mhasibu wa kusomea, ilikuwa ikihesabu karatasi badala ya midomo. Sahani 120 zilizopungua ni shilingi 2,400,000, na mpishi anakubali mabadiliko ya idadi hadi siku saba kabla, kwa hiyo zimebaki siku mbili za kuamua na tisa za kutafuta. Kwa bahati zipo ahadi za shilingi 3,100,000 ambazo hazijalipwa, na namba inaposhuka kutoka 9 hadi 2, kila siku ikiwa na jina la sahani badala ya neno fedha ("mwenye ahadi ya laki moja anawalisha wageni watano"), zinaingia shilingi 1,900,000, na zile 500,000 zilizosalia zinakatwa kwenye maua ya jukwaani, jambo ambalo hakuna mgeni aliyelitambua isipokuwa mpambaji. Kosa kama hilo lingegunduliwa ukumbini, wageni wa meza za nyuma wangeambiwa kwamba wali unakuja, na wangeendelea kuambiwa hivyo mpaka keki.

Wako wanaoushutumu ujumbe huu kwa sababu ya orodha, nao wanasikilizika kidogo. Desturi ni kwamba aliyelipa hunakili orodha yote ya wachangiaji, huongeza jina lake na alama ya tiki, kisha huirudisha kwenye kundi. Lakini wajumbe wawili wakinakili orodha ileile yenye majina 31 kwa dakika moja, kila mmoja hujiandika wa 32, na mjumbe wa tatu akinakili ya mmoja wao, yule mwingine anafutika bila mtu kumfuta, na kilio chake cha kuibiwa husikika hadi kwa wakwe. Dalili yake ni jumla ya chini isiyolingana na salio la mweka hazina, na dawa yake ni orodha kuguswa na katibu peke yake. Hata hivyo mwenye haki ataona kwamba hapa kosa si la namba, ambayo haikuwahi kumfuta mtu.

Shutuma nzito zaidi ni ile ya asante. Katika kundi la wajumbe 90, kazi ya siku ikitolewa alfajiri, hufuata "asante katibu" arobaini, "amina" ishirini na viganja vilivyoungana visivyo na idadi, hivi kwamba anayeamka saa 2 asubuhi huikuta kazi imezikwa chini ya shukrani zake, huuliza kazi ya leo ni ipi, na huelekezwa apandishe juu. Makatibu wenye huruma huirudia kazi saa 7 mchana bila salamu, wakati ambapo watu wamechoka kushukuru. Wajumbe nao huponea kwenye kunyamazisha kundi, ambako WhatsApp huwapa nafasi ya saa nane, wiki moja au daima, na mtu anayechagua wiki moja huhesabiwa kuwa bado ana nia njema.

Jumapili baada ya harusi hakuna namba. Mjumbe huamka saa 11 na nusu kwa mazoea, huiangalia simu iliyonyamaza, na kabla ya adhuhuri huanza kuondoka kwenye kundi, akijua kwamba tangu mwaka 2022 anayejiondoa haonekani kwa wote bali kwa viongozi wa kundi tu. Katibu huwaona wakitoka mmoja mmoja, wakiwemo wenye ahadi, na kikao cha kuvunja kamati bado hakijaitwa. Lakini programu ileile huyahifadhi majina ya waliotoka mahali ambapo mjumbe yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma, kwa muda wa siku 60.