Kope Hazina Muhuri: Mwongozo wa Macho kwa Fundi wa Grinda wa Lushoto

Mwongozo huu ni wa fundi wa mageti na grili anayefungua karakana yake asubuhi pale Lushoto mjini, Soni, Mlalo au Lukozi, akiwa na grinda moja, mashine moja ya kuchomelea, na jirani wa ukuta mmoja anayeranda mbao za msonobari kutwa nzima. Ni wake hasa yule anayesema macho yake yameshazoea. Macho hayazoei chuma, fundi. Kilichozoea ni shingo: imejifunza kugeuka upande cheche zinapokuja, ndiyo maana mkato wako unakwenda kombo.

Hatua ya kwanza: Kagua kinga unazotumia sasa

Anza na kope, kwa kuwa ndizo zinazotumika zaidi katika karakana zetu, na ni za bure. Kope huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde kufumba. Punde tutaona kwamba kipande kinachoruka kutoka kwenye jiwe la grinda huvuka nusu mita, kutoka kwenye chuma hadi usoni pako, kwa chini ya sehemu ya mia moja ya sekunde. Kope zinafika, ila zinakuta mgeni ameshaingia ndani.

Kinga ya pili ni kiganja. Kiganja kinachoziba uso kimeacha mpini wa pembeni wa grinda, na grinda inayoshikwa kwa mkono mmoja ndiyo inayoruka jiwe likikwama. Ya tatu ni miwani ya jua ya gulioni, ambayo inapunguza mwanga wa jua na haikupimwa kwa kitu kingine chochote. Ya nne ni kioo cheusi cha kuchomelea. Hiki kina namba, nayo ni ya kweli, lakini inahusu mwanga tu: kwa fimbo ya milimita 3.2 inayokula ampea 100 hadi 130, namba 10 au 11 inafaa. Hiyo 11 haisemi lolote kuhusu kuzuia kipande cha chuma. Mwanga na kishindo ni mambo mawili, na kila kimoja kina muhuri wake.

Hatua ya pili: Lipigie hesabu jiwe lako

Chukua grinda ndogo iliyo katika kila karakana, ile ya jiwe la milimita 115. Mzingo wa jiwe hilo ni sentimita 36 hivi. Kibandiko cha grinda nyingi za namna hii kinasema mizunguko 11,000 kwa dakika, yaani 183 kwa sekunde. Zidisha, utapata kwamba ukingo wa jiwe unakwenda mita 66 kwa sekunde. Jiwe likipasuka, kipande kinaondoka kwa mwendo huohuo.

Cheche za kawaida ni chembe ndogo mno, na miwani nzuri ya kawaida ya usalama huzimudu. Kinachoua jicho ni kipande cha jiwe lenyewe: jiwe la kukatia lililopindishwa ubavu ili lisage, lililolowa mvua, lililoanguka sakafuni likarudishwa kazini, au jiwe kubwa lililolazimishwa kwenye grinda ndogo baada ya kofia yake ya chuma kufunguliwa. Tuseme kipande hicho kina gramu 5. Kwa mwendo wa mita 66 kwa sekunde kinabeba nishati ya jouli 11 hivi. Ishike namba hiyo, kwani ndiyo tunayokwenda nayo dukani.

Hatua ya tatu: Soma muhuri kabla hujauliza bei

Miwani ya kweli ya usalama imechapwa alama kwenye kioo na kwenye fremu. Ielekeze kwenye mwanga, ugeuze pembe, utaziona. Usipoziona, hiyo ni ya kupigia picha.

Miwani iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya, EN 166, hubeba herufi ya kishindo. Kipimo chake ni gololi ya chuma ya milimita 6, yenye uzito wa gramu 0.86, inayorushwa kwenye kioo. Herufi F maana yake kioo kilihimili gololi hiyo kwa mita 45 kwa sekunde, B kwa mita 120, na A kwa mita 190. Ukigeuza kuwa nishati, F ni kama jouli 0.9, B ni 6, na A ni 15 na zaidi kidogo.

Sasa rudisha ile jouli 11 ya kipande chetu. F imeachwa mbali. B nayo imepitwa. Ni A pekee iliyo juu yake. Na kwa kiwango hicho, miwani ya mikono inayoning'inia masikioni haiwezi kupewa zaidi ya F. Miwani ya mkanda inayobana uso inafika B. A hupewa ngao ya uso peke yake. Kwa hiyo ukiuziwa miwani ya mikono iliyochapwa B au A, muhuri huo ni wa uongo. Mrudishie muuzaji kwa heshima.

Mpangilio unaotokana na hesabu hii ni mmoja: kofia ya grinda iwe mahali pake, miwani ya mkanda yenye B machoni, na ngao ya uso yenye A juu yake. Ngao peke yake haitoshi, kwa sababu iko wazi chini ya kidevu, tena fundi huinyanyua kila anapotaka kuona mstari wake. Angalia pia fremu: kioo kikiwa B na fremu ikiwa F, umenunua F.

Ukikutana na kiwango cha Marekani, tafuta Z87+ yenye ile alama ya kujumlisha. Z87 bila kujumlisha ilipimwa kwa kuangushiwa gololi tu. Yenye kujumlisha ilirushiwa gololi, na mwendo wake hutegemea aina ya kinga: mita 45 na ushei kwa miwani ya mikono, 76 kwa ya mkanda, 91 kwa ngao. Alama ni ileile, kinga hazilingani.

Unapochomelea, miwani ya mkanda ibaki machoni ndani ya kinyago. Fundi hunyanyua kinyago ndipo agonge ganda la weldi kwa nyundo, na ganda hilo huruka likiwa la moto wakati uso uko wazi.

Hatua ya nne: Usishindwe na ukungu

Hapa milima ya Usambara ina neno lake. Lushoto iko juu kama mita 1,400, na asubuhi za Juni na Julai pumzi ya fundi inatanda ukungu kwenye kioo kabla grinda haijawaka. Akishindwa kuona, anaisogeza miwani hadi kwenye paji la uso, na hapo inalinda nywele. Kwa hiyo baridi nayo ni sababu ya ajali.

Tafuta herufi N kwenye kioo, maana yake kimepakwa dawa ya kuzuia ukungu, na K, maana yake hakichubuki upesi kwa vumbi. Kwa vumbi la randa la jirani, fremu iwe na namba 4, ambayo ni ya vumbi la chembe kubwa. Matundu yake ya hewa yawe yale yaliyokingwa, yanayopitisha hewa kwa kona, kwani tundu lililonyooka hupitisha unga wa mbao vilevile. Osha kioo kwa maji kwanza ndipo upanguse. Vumbi la jiwe likisuguliwa kavu linakwangua. Usikiguse kwa petroli wala thina, kwa sababu polikaboneti huingia nyufa nyembamba, na kioo kilichopasuka hivyo hakina tena muhuri unaousoma.

Hatua ya tano: Kwa fundi aliyepita miaka 40

Fundi wa miaka 48 anaanza kusogeza futi mbali na uso ili asome milimita. Ananunua miwani ya kusomea, anaivaa kwenye grinda, na hapo anajiletea shida mbili. Kwanza, vioo vyake havikupimwa kwa kishindo. Pili, miwani hiyo imetengenezwa kwa umbali wa kitabu. Kitabu kilicho sentimita 33 kinalitaka jicho likusanye nguvu ya diopta 3. Kazi iliyo sentimita 50 inataka diopta 2. Tofauti ya diopta moja inamfanya aone ukungu pale anapokata, basi anainama hadi aone vizuri, na uso umeshafika kwenye cheche.

Dawa yake ni fremu ndogo ya ndani: vioo viwili vya nguvu ya macho yako, vinavyobanwa kwenye daraja la pua nyuma ya kioo cha miwani ya usalama. Kabla ya kwenda kwa mpima macho, simama katika mkao wako wa kazi, mwambie kijana apime kwa futi kutoka jicho lako hadi kwenye mkato, uandike. Mpe mpima macho umbali huo, na umwombe apime pia umbali kati ya mboni na mboni. Nenda na miwani yenyewe ya mkanda, kwa kuwa fremu ya ndani huingia katika aina iliyotengenezewa tu.

Ikishafungwa, ikague mara tatu. Pepesa: kope zikigusa, iko karibu mno na jicho. Bonyeza kioo cha nje kwa kidole gumba: kikigusa cha ndani, kishindo kitapita moja kwa moja. Inama na utikise kichwa: ikihama, utaona mistari miwili. Kumbuka kwamba fremu ya ndani inasahihisha macho tu. Anayelinda ni kioo cha nje. Na sasa una nyuso nne za kushika ukungu badala ya mbili, kwa hiyo ile herufi N ni ya lazima kwako. Fremu ya ndani isipopatikana, nunua miwani ya mkanda yenye nafasi ya kuvaliwa juu ya miwani yako, ukiagiza vioo vya umbali uleule uliopima.

Hatua ya sita: Kitu kikiingia

Usisugue. Usimwite mwenye ncha ya leso, njiti ya kiberiti au ulimi. Vumbi la mbao lioshe kwa maji safi mengi. Lakini kama ulikuwa unagonga chuma kwa chuma au jiwe limepasuka, kisha mboni ikachongoka kama tone, au macho yakafifia ghafla, chukulia kwamba jicho limetobolewa, hata kama maumivu ni madogo. Usioshe, usibonyeze, usitie dawa yoyote. Lifunike kwa kitako cha kikombe cha plastiki kinachokaa kwenye mifupa, wala si kwenye jicho, kisha nenda hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Wao ndio watakaosema kama ni kwenda Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Kuteremka hadi Mombo peke yake ni zaidi ya kilomita 30 za kona, kwa hiyo usingoje giza.

Hatua ya saba: Hesabu macho yote yaliyomo

Kijana anayeshika bomba upande wa pili yuko kwenye njia ya cheche zaidi kuliko wewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na kwa kijana huyo mwajiri ni wewe. Kisha kuna mteja aliyekuja kuangalia geti lake. Msogeze nje ya mstari wa jiwe kabla hujawasha. Ukienda dukani nunua miwani miwili ya mkanda yenye B, ngao moja yenye A, na kioo cha akiba. Kikichubuka mbele ya mboni, kibadilishe wiki hiyohiyo, kwa sababu fundi asiyeona vizuri kupitia kioo chake ataivua miwani, na hesabu yote tuliyofanya hapa itaanza upya.