Jinsi ya Kuikwepa Simu ya Mwajiri na Kazi Ukaipata

Afisa ajira anapenda simu kwa sababu inamrahisishia: maswali manne, dakika kumi, amekupitisha au amekukata. Wewe unataka maandishi. Twende taratibu, ndugu yangu.

1. Chagua sababu moja, na iwe ya kweli. Mtandao mbovu ni sababu yenye ukomo. Ukishahamia mjini, imekwisha. Usikivu hafifu utaingia nao hadi ofisini, kwa hiyo usiuazime kama si wako.

2. Wahi. Ujumbe unaotangulia simu ni maelezo. Unaofuata simu tatu ambazo hukupokea ni kisingizio.

3. Eleza kinachotokea kwenye simu, cheti cha daktari kibaki nyumbani. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Sehemu kubwa ya "s" na "f" hupotelea juu ya hapo, na midomo ya msemaji huioni. Ndiyo maana mtu anaweza kukuelewa vizuri mezani akakupoteza simuni. Kama tatizo ni mtandao, sema hivi: simu inahitaji mawimbi muda wote, lakini SMS husubiri kwenye mitambo hadi simu yako ipatikane.

4. Mjibu kabla hajauliza. Hapa ndipo penye njia ya mkato. Mhasibu wa Makete anayeomba kazi Dar es Salaam aandike hivi:

"Habari za kazi. Niliomba nafasi ya mhasibu. Nina usikivu hafifu: simuni napoteza maneno, ana kwa ana naelewana na watu vizuri. Naomba tuwasiliane kwa WhatsApp; najibu ndani ya saa moja. Notisi yangu ni siku 28, na mshahara ninaotarajia nimeutaja kwenye barua. Kwa usaili niko tayari kuja ofisini."

Maswali ya afisa karibu yote yamejibiwa. Hana tena la kukupigia.

5. Mwachie mlango wazi. Matapeli nao hukimbilia maandishi, na afisa anaogopa kwamba anayeandika si mwenye wasifu. Sentensi ile ya kuja ofisini ndiyo inayomtuliza, kwa hiyo usiifute.

6. Akipiga hata hivyo, usibahatishe. "Ndiyo" moja kwa swali ambalo hukulisikia inaweza kumaanisha umekubali mshahara mdogo. Mwandikie papo hapo: "Nimeona simu yako. Niandikie swali, nalijibu sasa hivi."

7. Jua mwisho wa mbinu. Kama kazi yenyewe ni kupokea simu za wateja, uliza mapema vifaa gani vipo. Kwa kazi nyingine, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inakataza kukubagua kwa ajili ya ulemavu wako. Tena mazungumzo yakiwa ya maandishi, mshahara uliotajiwa unao mkononi. Utunze ujumbe huo hadi usaini mkataba.